Nyangumi wa Kizimkazi: jinsi ya kupanga siku ya kwenda bila hela yako kuliwa na upepo

Wadau, kila ikifika Julai maswali huwa yale yale. Mshkaji kaona picha ya nyangumi karuka juu ya maji, kaambiwa ni hapo hapo Unguja, anataka kujua aende lini. Anajibiwa "njoo tu, msimu umeanza". Anachangishana na wenzake, wanapanda boti ya Dar, wanafika Kizimkazi saa nne asubuhi, bahari imechafuka, wanazungushwa nusu saa, wawili wanatapika, hakuna kilichoonekana zaidi ya mgongo wa pomboo mmoja anayekimbia boti kumi. Hela imeenda.

Hapo tatizo si bahati mbaya. Tatizo ni kwamba siku ilichaguliwa kwa kuangalia lini watu wana nafasi, wala si kwa kuangalia bahari. Ngoja nieleze namna ya kuichagua, na nitazungumzia Kizimkazi peke yake, kusini mwa Unguja, kwa sababu ndiko vijana wengi wa Bongo wanakoweza kufika kwa hela ya kawaida.

Kwanza tutenganishe wanyama wawili, maana watu wanawachanganya. Pomboo wa Kizimkazi ni wakazi. Wapo mwaka mzima katika maji ya Ghuba ya Menai na nje kidogo, na ni wachache kuliko watu wanavyodhani: watafiti waliowahesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipata wale wa kawaida chini ya 200, na wale wenye nundu mgongoni wachache zaidi. Kwa hiyo pomboo hana msimu. Ukimkosa leo, kesho yupo.

Nyangumi ni mgeni. Yule tunayemwona sana ni nyangumi mwenye nundu, mkubwa wa mita 13 hadi 16, ambaye chakula chake chote kiko kwenye maji ya baridi karibu na Antaktika. Huko wakati wa kiangazi chao, yaani Desemba hadi Machi, anakula mpaka anajaa mafuta. Baridi ikianza anapanda kaskazini, anapita Msumbiji, anaingia kwetu, wengine wanaendelea mpaka Kenya na zaidi. Huku haji kula. Anakuja kupandana na kuzaa, kwa sababu mtoto anazaliwa na mafuta kidogo na maji ya moto yanamfaa. Mama anaweza kukaa miezi bila kula kitu cha maana huku ananyonyesha. Shikeni hilo, nitalirudia baadaye.

Kwetu wanaanza kuonekana Julai, wanakuwa wengi Agosti na Septemba, na wanapungua Oktoba. Lakini hawaji na kuondoka kwa mkupuo. Mwanzoni mwa msimu utakuta zaidi wakubwa wanaosafiri, na madume yanayoshindana kwa ajili ya jike, hapo ndipo kuna kuruka na kupiga maji kwa mkia. Kuanzia Septemba safari ya kurudi kusini inaanza, na wa mwisho kuondoka ni mama wenye watoto, kwa sababu mtoto anahitaji muda apate nguvu ya safari. Hao wanapenda maji tulivu na yasiyo na kina kirefu sana, na wanakwenda polepole. Kwa mtu aliye kwenye boti ndogo, mama na mtoto ndio rahisi kukutana nao. Pia ndio rahisi kuwaudhi.

Sasa shida yenyewe. Msimu wa nyangumi umekaa juu ya msimu wa kusi.

Kusi ni upepo unaotoka upande wa kusini na kusini mashariki, unaanza baada ya masika na unakuwa mkali zaidi Juni, Julai na Agosti. Angalia ramani ya Unguja: Kizimkazi iko kwenye ncha ya chini kabisa, upande wa magharibi. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, kisiwa kizima kipo nyuma yako kinakukinga, bahari inakuwa kama sahani. Ndiyo maana kwa pomboo peke yake mimi ningeenda wakati wa kaskazi, wala nisingejisumbua na Agosti. Lakini wakati wa kusi hakuna cha kukukinga. Mawimbi yanatoka bahari kuu moja kwa moja. Na nyangumi wenyewe hawapo ndani ya ghuba, wapo nje ya miamba, kule kule wimbi linakopita.

Kwa hiyo Julai na Agosti nyangumi wapo lakini siku nyingi hamuwezi kwenda kuwatafuta, au mkienda hamuoni kitu. Oktoba bahari inalegea, matlai inaingia, lakini nyangumi wanaisha. Septemba, hasa nusu ya pili, ndiyo mahali mistari miwili inapokutana: kusi limeanza kuchoka na nyangumi bado wapo. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu kwa mwaka, lenga hapo. Si uhakika, ni uwezekano mkubwa kuliko tarehe nyingine.

Kwa nini mawimbi ni tatizo hata kama hamuogopi? Kwa sababu ya macho. Nyangumi humwoni mwili kwanza, unaona pumzi yake, kitu kama moshi mweupe unaoruka mita tatu hivi juu ya maji, halafu unapotea. Upepo ukiwa mdogo, moshi ule unasimama sekunde kadhaa na unaonekana kutoka mbali. Upepo ukiwa mkali unapeperushwa hapo hapo. Na bahari ikishaanza kuwa na mapovu meupe juu ya mawimbi, kila povu linafanana na nyangumi. Mtazunguka asubuhi nzima mkinyoosheana vidole, "kule, kule", kumbe povu.

Kipimo chake ni hiki. Upepo chini ya kilomita 12 kwa saa, bahari haina mapovu kabisa, hiyo ni siku ya dhahabu. Kati ya 12 na 19 mapovu yanaanza kutokea hapa na pale, bado mnaweza kwenda na mkaona. Ukivuka 20 mapovu yanakuwa kila mahali, na hapo hata watafiti wa nyangumi kwa kawaida wanaacha kuhesabu kwa sababu wanajua wanakosa wengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa utabiri wa bahari, na msimu wa kusi mara nyingi utakuta tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ukiona tahadhari ya namna hiyo usijiulize mara mbili, lala. Ukiwa kafe unaweza pia kufungua windy.com, ukaweka alama kusini ya Unguja na kusogeza saa. Ila usitazame siku kumi mbele ukaamini. Siku mbili tatu mbele inatosha, zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Tahadhari nyingine: utazame upepo wa saa moja asubuhi, usitazame wa siku nzima. Usiku nchi kavu inapoa na upepo karibu na pwani unapungua. Jua likipanda, ardhi inapata joto, upepo wa kutoka baharini unajazia juu ya kusi, na kufikia saa nne au saa tano bahari inakuwa nyingine kabisa. Siku inayoandikwa kilomita 25 inaweza kuwa na asubuhi ya 14. Dirisha lenu ni kuanzia jua linapochomoza, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi kwa Septemba, mpaka saa tatu na nusu.

Hapa watu wengi wanasema nyangumi "hutoka asubuhi". Si kweli. Nyangumi anasafiri mchana na usiku, hana saa ya kazi. Asubuhi ni kwa ajili yetu sisi, kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya mwanga. Kizimkazi inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi mkitoka jua lipo nyuma yenu, linawaka juu ya ule moshi wa pumzi na kuufanya mweupe zaidi. Mkienda jioni jua liko usoni, maji yote yanang'aa, hamuoni kitu.

Kwa pomboo kuna sababu ya ziada ya kuwahi, nayo ni sisi wenyewe. Magari ya watalii yanatoka mjini na mahoteli ya kaskazini alfajiri, yanafika Kizimkazi saa mbili hivi, na kuanzia hapo mpaka saa nne kundi moja la pomboo linaweza kuzungukwa na boti nyingi kwa wakati mmoja. Utafiti uliofanywa hapo hapo na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti zikiwepo pomboo wanapumzika kidogo kuliko kawaida yao. Boti ikitoka saa kumi na mbili na nusu inapata saa moja na nusu ya amani. Na hilo haliwezekani kama umelala Stone Town, maana ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Mlale Kizimkazi au Makunduchi. Hela ya chumba cha kawaida kwa mtu watatu au wanne mkigawana ni ndogo kuliko hela ya boti iliyopotea.

Sasa maji. Hiki ndicho kitu ambacho watu wa bara tunakisahau kabisa, na watu wa pwani wanakijua bila kutazama karatasi.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe mosi na 15 za mwezi wa Kiislamu, inakuwa bamvua. Maji yanapanda na kushuka sana, karibu mita 4. Tarehe saba nane na 22 au 23 yanakuwa maji mafu, tofauti ya mita moja na kitu tu. Na kwa Unguja kuna jambo zuri sana la kukariri: wakati wa bamvua maji yanajaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na yanakupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa, siku nyingine nusu saa, nyingine zaidi ya saa nzima, mpaka baada ya wiki moja mpangilio unageuka, saa nne asubuhi ndio yamejaa.

Bamvua inaharibu safari kwa njia mbili. Kwanza, mkitoka saa kumi na mbili na nusu maji yanatoka kwa kasi, yanaelekea nje kusini, huku kusi linapuliza kutoka kusini. Maji yakikutana na upepo uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi na limesimama, boti inapiga pa! pa! pa! hata kama upepo si mkali. Upepo ule ule siku ya maji mafu unakuwa wa kuvumilika. Pili, mkirudi saa tatu na nusu au saa nne maji yamekupwa kabisa, boti haifiki ufukweni, mnashukia mbali na kutembea kwenye maji na mawe makali. Kwa kijana ni mchezo. Ukiwa na mama yako, si mchezo.

Tuweke yote pamoja kwenye mfano halisi. Tuchukue Septemba 2025, kikundi cha watu sita wa Dar wenye nafasi wikiendi tu. Mwezi ulikuwa mpevu Jumapili tarehe 7, wengi mnaukumbuka, ndio usiku ule ulipopatwa. Nusu mwezi tarehe 14. Mwezi mpya tarehe 21. Nusu mwezi tena usiku wa kuamkia tarehe 30.

Wikiendi ya tarehe 6 na 7 ni bamvua. Maji yanakupwa kati ya saa tatu na nusu na saa nne asubuhi, na kusi bado lina nguvu. Tunaikata. Tarehe 13 na 14 maji yanaelekea kuwa mafu, Jumamosi yamejaa saa mbili hivi asubuhi, mnatoka maji yakiingia na mnarudi yakiwa bado juu. Nzuri. Tarehe 20 na 21 bamvua tena, tunakata. Tarehe 27 na 28 zinakaribia ile ya 13: mwezi una siku sita, maji yanaelekea kuwa mafu, na Jumapili yanajaa baadaye kidogo kuliko Jumamosi.

Zimebaki mbili, 13 na 27. Kusi kwa kawaida ni dogo zaidi mwisho wa mwezi, na mama wenye watoto wanapita. Kwa hiyo 27 inakuwa chaguo la kwanza, na 13 ni kwa yule anayetaka kuona madume yakirukaruka na yuko tayari kupoteza siku kwa ajili ya upepo. Na angalieni, kwenye wikiendi ya 27 asubuhi zote mbili zinafaa kwa maji. Hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mkienda Ijumaa jioni, mnalala, Jumamosi mnaamka saa kumi na moja na nusu: kama bahari ni nzuri mnatoka, kama mbaya mnalala tena na kujaribu Jumapili. Mtu aliyepanga asubuhi moja tu hana uchaguzi, atatoka hata kwenye bahari isiyofaa kwa sababu boti ya kurudi Dar inamsubiri.

Uamuzi wa mwisho mnaufanya ufukweni, si kwenye simu. Tazama nje ya miamba. Ukiona mapovu meupe machache ya kuhesabika, twende. Ukiona kote kumekuwa meupe saa kumi na mbili alfajiri, kumbuka saa tatu itakuwa mbaya zaidi. Halafu tazama wavuvi. Ngalawa zimetoka au zimevutwa juu? Mwambie mzee yeyote pale, "Shikamoo mzee, leo bahari vipi?" Akikujibu "leo inacheza", hakutanii.

Mkiwa nje, msikubali kukimbia ovyo. Mkifika nje ya miamba mwambieni nahodha azime mashine, kila mtu achukue upande wake wa kutazama, dakika ishirini kimya. Nyangumi huvuta pumzi mara kadhaa akiwa juu, kisha anainua mgongo, mkia unatoka, anazama, na mara nyingi anakaa chini dakika tano mpaka kumi na tano. Kwa hiyo ukiona mkia, tazama saa yako. Boti zinazokosa ni zile zinazokimbilia mahali mkia ulipozama, wakati mwenyewe ameshasogea. Akiwa na mtoto ni rahisi zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu, atatoka dakika chache tu baadaye.

Umbali unaotumika sehemu nyingi duniani ni mita 100 kwa nyangumi na 50 kwa pomboo, na mnakaa ubavuni, si mbele wala nyuma, na kamwe si kati ya mama na mtoto. Nawakumbusha yule mama hajala miezi. Kila akikimbia boti anachoma mafuta ambayo yangekuwa maziwa. Utajuaje mmemchosha? Anabadilisha mwelekeo kila mnapokaribia, pumzi zinakuwa za haraka haraka, anakaa chini muda mrefu kuliko mwanzo, au anamsukuma mtoto upande wa mbali na nyinyi. Ukiona hivyo, ondokeni. Nahodha anaweza kusema "hamna shida, nawasogeza", kwa sababu anadhani mtampa kitu kidogo mkipata picha ya karibu. Mwambieni mapema kwamba hamtaki.

Na hilo linanileta kwenye makubaliano, ambayo yafanyike usiku wa kuamkia safari, si asubuhi mkiwa mmeshapanda. Kuna kikundi nakijua kililipa hela yote kwa dalali mjini, asubuhi bahari ikawa mbaya, dalali akasema hela hairudi, wakatoka kwa hasira na boti ndogo iliyojaa, laifu jaketi nne kwa watu tisa. Walirudi salama, lakini hakuna aliyeona kitu. Nyinyi ongeeni na nahodha mwenyewe. Toeni kishika nafasi kidogo, na mkubaliane mambo matatu: akiona yeye au nyinyi bahari haifai, kishika nafasi kinahamia asubuhi inayofuata, mnatoka saa kumi na mbili na nusu, si "asubuhi asubuhi", na kila mtu ana laifu jaketi yake iliyovaliwa, si iliyokaliwa. Ulizeni pia anajaza mafuta ya kutosha kwenda nje ya miamba, kwa sababu bei ya pomboo ni ya kuzunguka karibu, na ya nyangumi inachoma mafuta zaidi. Msipolisema hilo usiku, asubuhi atawapeleka kwa pomboo, saa moja, na kuwarudisha.